Kosa Moja au Mawili: Biti ya Pili ya Kitabiri cha Matawi

Picha ya PNG yenye rangi na uwazi, ikishafunguliwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hutumia baiti nne kwa kila pikseli: nyekundu, kijani, buluu, kisha alfa, yaani kiasi cha uwazi. Tuseme unataka kuigeuza iwe negativu kama zile za filamu za zamani, cheupe kiwe cheusi na cheusi kiwe cheupe. Kila baiti ya rangi unaitoa katika 255. Alfa huigusi, kwa sababu ukiigeuza, sehemu zote zilizokuwa zikionekana zitatoweka. Mtu anayeandika programu hiyo kwa haraka ataandika hivi:

```c
for (i = 0; i < n; i++) {
    if (i % 4 != 3)
        p[i] = 255 - p[i];
}
```

Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ina baiti milioni 4, kwa hiyo swali la `if` litaulizwa mara milioni 4. Majibu yake hayana siri yoyote: ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana, kisha tena ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana, hadi picha iishe. Mtoto wa darasa la pili akisomewa majibu hayo kwa dakika moja atakwambia linalofuata. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi prosesa nzuri kabisa zilikuwa zikikosea katika kitanzi kama hiki, nyingine mara moja kwa kila pikseli, nyingine mara mbili. Tofauti kati ya kosa moja na makosa mawili ilitokana na biti moja ya ziada, na hapa nataka kueleza biti hiyo inafanya nini, inasaidia wapi, na wapi inaharibu kuliko isingekuwapo.

Kwanza tuone prosesa inakiona vipi kitanzi hiki. Haijui `if` wala `for`. Inachokijua ni amri zilizopangwa mstari mmoja, na baadhi yake ni amri za kuruka zenye sharti: sharti likitimia, ruka uende mahali fulani; lisipotimia, endelea na amri inayofuata. Mahali hapo panapogawanyika njia huitwa tawi. Kompaila kwa kawaida huigeuza `if` yetu kuwa amri inayosema: kama hii ni baiti ya nne, ruka hesabu ya kugeuza rangi. Kwa hiyo machoni pa prosesa, baiti tatu za kwanza ni “endelea” na ya nne ni “ruka”. Nikiandika E kwa endelea na R kwa ruka, tawi letu linatoa EEER EEER EEER bila kukoma. Kuna tawi jingine mwishoni mwa kitanzi, lile linalorudisha kazi juu kwa baiti inayofuata. Hilo ni R tupu hadi siku ya mwisho, na halitatusumbua.

Sasa kwa nini kubahatisha? Prosesa haimalizi amri moja ndipo ichukue nyingine. Amri hupita hatua kadhaa, kuchotwa, kufasiriwa, kutekelezwa, kuandikwa matokeo, na wakati amri moja iko hatua ya nne, nyingine tatu tayari zinaifuata nyuma. Pentiumu ya kwanza ya mwaka 1993 ilikuwa na hatua 5 kwa amri za hesabu za kawaida. Pentiumu 4 ya mwaka 2000 ilifikia 20. Amri ya kuruka inapoingia mwanzo wa mstari huo, jibu la sharti lake halijajulikana, na litajulikana hatua nyingi baadaye. Prosesa ikisubiri, mstari wote unakaa mtupu. Kwa hiyo inafanya kama mama lishe anayemimina chai ya mteja wake wa kila siku kabla hajaketi: akipatia, hakuna muda uliopotea, akikosea, chai inamwagwa na anaanza upya. Kwa prosesa za leo, kumwaga huko hugharimu takribani mapigo 15 hadi 20 ya saa yake ya ndani, na kila pigo moja lingeweza kumaliza amri kadhaa.

Njia rahisi kuliko zote ya kubahatisha kwa kutazama yaliyopita ni kuweka biti moja kwa kila tawi. Biti hiyo hukumbuka jambo moja tu: mara ya mwisho tawi hili lilifanya nini? Likiwa liliruka, bashiri litaruka. Likiwa liliendelea, bashiri litaendelea. Hakuna hesabu, hakuna kufikiri. Prosesa ya Alpha 21064, iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1992 ikiwa miongoni mwa zenye kasi kubwa duniani wakati huo, ilitumia biti moja ya namna hii kwa kila amri iliyokuwa kwenye kashe yake ya amri.

Tuipitishe picha yetu kwenye biti hiyo, tukianza na E. Safu ya kwanza ni namba ya baiti, ya pili ni kilichotokea kweli, ya tatu ni kilichotabiriwa:

```
baiti      0  1  2  3  4  5  6  7  8
kweli      E  E  E  R  E  E  E  R  E
utabiri    E  E  E  E  R  E  E  E  R
```

Baiti 0, 1 na 2 zinapita salama. Baiti 3 ni alfa: tawi linaruka, utabiri ulisema endelea, kosa. Hilo tunaweza kulisamehe, maana biti moja haina namna ya kujua kuwa zamu ya alfa imefika. Lakini tazama baiti 4. Kwa kuwa mara ya mwisho tawi liliruka, biti sasa inasema R, na tawi linaendelea kama kawaida yake. Kosa la pili. Alfa imekuja mara moja, imeondoka, lakini imeacha kumbukumbu yake ikimdanganya mwenzake. Kuanzia hapo kila pikseli inakula makosa mawili: moja alfa inapofika na moja rangi nyekundu inaporudi. Kati ya utabiri wa mara nne, miwili ni makosa. Kurusha shilingi kungefanya vivyo hivyo, na hakungehitaji saketi yoyote.

Dawa iliyozoeleka ni kuipa kila tawi kaunta ya biti mbili. Biti mbili zinaweza kushika namba 0, 1, 2 au 3. Tawi likiruka, kaunta inaongezwa moja. Likiendelea, inapunguzwa moja. Lakini kaunta hugota mwisho: ikiwa 3 haipandi tena hata tawi liruke mara elfu, na ikiwa 0 haishuki tena. Kugota huku ndiko roho ya mpango wote. Kaunta ya kawaida ikifika 3 na kuongezwa moja ingerudi 0, na tawi lililokuwa likiruka mfululizo lingeonekana ghafla kama halijawahi kuruka. Na kaunta isiyo na mwisho, ile ambayo ingehesabu hadi elfu, ingehitaji mielekeo elfu ya upande wa pili kabla haijakubali kwamba mambo yamebadilika.

Utabiri unasomwa hivi: 0 na 1 maana yake endelea, 2 na 3 maana yake ruka. Ukiziandika namba hizo kwa biti, yaani 00, 01, 10 na 11, utaona kuwa biti ya kushoto peke yake ndiyo jibu. Biti ya kulia inaeleza uhakika. Kaunta iliyo 0 ina uhakika kwamba tawi litaendelea. Iliyo 1 inasema hivyohivyo lakini imeanza kuyumba. Picha yetu tena, safari hii kwa kaunta iliyoanza na 0:

```
baiti      0  1  2  3  4  5  6  7  8
kweli      E  E  E  R  E  E  E  R  E
kaunta     0  0  0  0  1  0  0  0  1
utabiri    E  E  E  E  E  E  E  E  E
```

Alfa ya baiti 3 inaleta kosa, kama kawaida, na kaunta inapanda hadi 1. Lakini 1 bado inasema endelea, kwa hiyo baiti 4 inapatiwa na kaunta inarudi 0. Alfa imetikisa uhakika bila kugeuza jibu. Kila pikseli sasa ina kosa moja badala ya mawili, na tumepanda kutoka nusu hadi robo tatu ya utabiri sahihi. Kama kaunta ingeanza na 3, tungelipa makosa mawili ya ziada kwenye baiti mbili za kwanza, kisha ingeteremka na kuingia katika mwendo huuhuu.

Kwa picha nzima maana yake ni hii. Biti moja inakosea takriban mara milioni 2, kaunta ya biti mbili mara milioni 1. Kosa moja likigharimu mapigo 15, na prosesa ikipiga mara bilioni 3 kwa sekunde, makosa hayo yanakula milisekunde 10 upande mmoja na 5 upande wa pili. Kwa picha moja hutaona chochote. Kwa video ya picha 30 kwa sekunde, ambapo kila picha ina milisekunde 33 tu za kushughulikiwa, milisekunde 10 zilizomwagwa ni karibu theluthi ya muda wote.

Wazo hili lina mwenyewe. Mwaka 1981, kwenye mkutano wa wataalamu wa usanifu wa kompyuta huko Minneapolis, James E. Smith wa kampuni ya Control Data aliwasilisha utafiti uliolinganisha mbinu mbalimbali za kutabiri matawi kwa kuzipitisha kwenye programu sita za Fotrani. Programu za sayansi za wakati ule zilijaa vitanzi ndani ya vitanzi, na kitanzi cha ndani kina tabia ileile ya alfa yetu, ila imegeuzwa: kinaruka kurudi juu mara tisa, mara ya kumi kinatoka, kisha kitanzi cha nje kinakiita tena na kinaanza kuruka upya. Biti moja inakosea wakati wa kutoka na wakati wa kuingia tena, makosa mawili kwa kumi. Kaunta ya biti mbili inakosea wakati wa kutoka tu. Smith aliona pia kuwa kaunta kubwa zaidi ya hapo hazikuleta faida ya kutegemewa, kwa kuwa zinakuwa nzito kubadili mawazo. Pentiumu ya 1993 ilitumia kaunta za biti mbili, na Alpha 21164, mrithi wa ile ya biti moja, nayo ikahamia huko.

Mpaka hapa mambo ni mazuri, na maelezo mengi ya vitabuni huishia hapa. Nadhani ni kosa, kwa sababu picha hiyohiyo ikibadilishwa aina kidogo, hadithi inageuka.

PNG inaruhusu picha isiyo na rangi, ya kijivu tu, yenye alfa. Kila pikseli ni baiti mbili: kijivu, alfa, kijivu, alfa. Programu yetu inabaki ileile ila sharti linakuwa `i % 2 != 1`, na tawi linatoa ER ER ER. Biti moja hapa inaaibika kabisa. Baada ya E inasema E, inakuja R. Baada ya R inasema R, inakuja E. Baada ya baiti ya kwanza haipatii tena hata mara moja. Katika picha ya pikseli milioni moja, yaani baiti milioni 2, inakosea mara 1,999,999. Ungeigeuza majibu yake kinyume ungepata kitabiri karibu kamili.

Kaunta ya biti mbili, ikianza na 0, inapanda hadi 1 na kushuka hadi 0, inapanda na kushuka, na muda wote inasema endelea. Inapatia kijivu, inakosea alfa. Nusu kwa nusu. Ikianza na 3 inacheza kati ya 3 na 2, inasema ruka muda wote, na tena ni nusu kwa nusu. Lakini ikianza na 2? Baiti ya kwanza ni kijivu: kaunta inasema ruka, kumbe ni endelea. Kosa, inashuka hadi 1. Baiti ya pili ni alfa: kaunta inasema endelea, kumbe ni ruka. Kosa, inapanda hadi 2. Tumerudi tulikoanza, na hali hiyo itaendelea hadi mwisho wa picha: makosa milioni 2 katika baiti milioni 2. Kaunta imenasa katikati, kwenye mpaka ambapo kila hatua inageuza jibu, na mpangilio unaupiga mpaka huo kila mara upande usiofaa.

Hili si jambo la kubuni. Kaunta hizi hukaa kwenye jedwali, na sehemu ya anwani ya amri ndiyo huchagua ipi itumike. Katika jedwali rahisi hakuna anayeangalia kama kaunta hiyo ni ya tawi hili au ni masalia ya tawi jingine lililopita. Kwa hiyo thamani ya kuanzia ni chochote kilichoachwa. Programu ileile, picha ileile, inaweza kwenda kwa nusu makosa leo na kwa makosa matupu kesho baada ya kuongeza mistari miwili ya msimbo mahali pengine kabisa na anwani zikasogea. Anayepima kasi bila kulijua hili atatafuta sababu kwenye mistari yake miwili, na hataipata huko.

Sasa aina ya tatu. PNG hiyo ya kijivu na alfa inaweza pia kuwa ya biti 16, ambapo kijivu ni baiti mbili na alfa ni baiti mbili. Kugeuza bado kunafanyika baiti kwa baiti bila tatizo, na sharti linakuwa `i % 4 < 2`. Tawi linatoa EERR EERR. Nimeupenda mfano huu kwa sababu ndio unaoonyesha bei halisi ya ile biti ya ziada.

Biti moja inakosea kila mwelekeo unapobadilika: mara moja kutoka E kwenda R, mara moja kutoka R kurudi E. Makosa mawili kwa baiti nne. Kaunta ya biti mbili, ikiwa imekwisha kuzoea mwendo na iko kwenye 2, inakwenda hivi: E ya kwanza ni kosa, inashuka hadi 1; E ya pili inapatiwa, inashuka hadi 0; R ya kwanza ni kosa, inapanda hadi 1; R ya pili ni kosa tena, kwa sababu 1 bado inasema endelea, na inapanda hadi 2. Imefika kwenye 2, tayari kwa mzunguko mwingine wa makosa matatu. Anza na namba yoyote kati ya zile nne, pikseli ya kwanza huenda ikatofautiana kidogo, lakini mwendo unaofuata ni makosa matatu kwa kila baiti nne. Kitabiri cha bei nafuu kimeshinda cha bei ghali.

Sababu inaonekana ukilinganisha picha hizi tatu. Biti moja hulipa kosa moja kwa kila badiliko la mwelekeo, basi, bila kujali badiliko hilo ni la kudumu au la kupita. Kaunta ya biti mbili ikiwa imegota hukataa kuamini badiliko la kwanza na husubiri la pili. Kama lile la kwanza lilikuwa la kupita, kama alfa moja katikati ya rangi tatu, inaokoa kosa la kurudi. Kama badiliko lilikuwa la kweli, ukaidi wake unaongeza kosa. Programu nyingi zina matawi yenye mwelekeo mmoja mkuu na mshtuko wa hapa na pale, ndiyo maana biti mbili zilishinda kwa wastani na kuenea. Wastani huo ndio tunaounukuu tunaposema biti mbili ni bora.

Haya yote unaweza kuyathibitisha mwenyewe kwa mistari michache. Kitanzi kifuatacho kinaiga kaunta ya biti mbili kwa mpangilio wa EEER:

```c
int hali = 0, makosa = 0;
for (int i = 0; i < 4000000; i++) {
    int ruka = (i % 4 == 3);
    if ((hali >= 2) != ruka) makosa++;
    if (ruka  && hali < 3) hali++;
    if (!ruka && hali > 0) hali--;
}
```

Mwishoni `makosa` itakuwa 1,000,000 kamili. Badilisha `ruka` iwe `(i % 4 >= 2)` nawe utapata 2,999,999. Lile moja lililopungua ni la pikseli ya kwanza, ambayo ilikuta kaunta ikiwa 0 na ikapita na makosa mawili tu. Kwa kitabiri cha biti moja, badilisha ulinganishi uwe `hali != ruka` na mistari miwili ya mwisho uifanye mmoja, `hali = ruka;`. Mipangilio yote miwili itakupa 1,999,999. Cheza na thamani ya kuanzia ya `hali` kwenye ule mpangilio wa ER uone namba 2 inavyofanya maafa.

Usitegemee kuyaona maafa hayo kwenye laptopu yako kwa kuendesha programu ya picha yenyewe. Kwenye Linaksi, amri hii itakuhesabia matawi yote na yale yaliyokosewa:

```
perf stat -e branches,branch-misses ./negativu
```

Ukiiendesha, kuna uwezekano mkubwa uone makosa karibu na sifuri kwa picha zote tatu. Sababu moja inaweza kuwa kompaila: ikiombwa kuboresha msimbo, huenda isiache tawi lolote pale, na njia ya kujua ni kufungua msimbo wa mashine kwa `objdump -d` na kutazama kama amri ya kuruka bado ipo. Sababu ya pili ni kwamba prosesa za leo zimeacha kuuliza swali lile la zamani.

Kasoro ya vitabiri vyetu vyote viwili ni moja. Havikumbuki mfuatano. Kaunta ikiwa 0 inajua kwamba hivi karibuni tawi limekuwa likiendelea, lakini haiwezi kutofautisha “nimeona E moja baada ya R” na “nimeona E tatu baada ya R”, na tofauti hiyo ndiyo yote inayohitajika kujua alfa inakuja. Mwaka 1991 Tse-Yu Yeh na Yale Patt wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa pendekezo la ngazi mbili. Ngazi ya kwanza inaandika mielekeo michache ya mwisho ya tawi, mathalani minne. Mielekeo minne ina mipangilio 16 inayowezekana, na kila mpangilio unapewa kaunta yake. Pentiumu Pro ya mwaka 1995 ilifanya hasa hivyo, kumbukumbu ya mielekeo minne kwa kila tawi.

Kaunta za ngazi ya pili ni zipi? Ni zilezile za biti mbili zinazogota. Kilichobadilika ni kwamba kila moja sasa inaona kipande kimoja cha hadithi. Katika picha ya rangi, kaunta inayosimamia historia REEE inaona R kila inapoitwa, hivyo inapanda hadi 3 na kukaa huko. Inayosimamia EREE inaona E kila mara na kugota 0. Hakuna anayeyumba, na baada ya pikseli chache za kuzoea hakuna kosa tena. Picha ya ER na ile ya EERR zinatatuliwa vivyo hivyo, kwa kuwa katika zote tatu mielekeo minne ya mwisho inatosha kueleza wa tano.

Inatosha mpaka mpangilio uwe mrefu kuliko kumbukumbu. Chukua E saba na R moja. Historia EEEE itajitokeza mara nne katika kila mzunguko wa nane, na kinachofuata baada yake ni E, E, E, halafu R. Kaunta yake itakosea mara moja kwa kila nne inazoitwa, yaani mara moja kwa nane za tawi zima. Vitabiri vya sasa hukwepa hili kwa kukumbuka mamia ya mielekeo, si minne.

Anayeandika programu ya picha, hata hivyo, ana njia fupi zaidi ya zote hizi, nayo ni kutomwuliza prosesa swali ambalo jibu lake analijua:

```c
for (i = 0; i < n; i += 4) {
    p[i]   = 255 - p[i];
    p[i+1] = 255 - p[i+1];
    p[i+2] = 255 - p[i+2];
}
```

Tawi la `if` halipo tena. Limebaki lile la mwisho wa kitanzi, R mara 999,999 na E mara moja, ambalo hata kitabiri cha biti moja, kikianza na R, kitalikosea mara moja tu, picha inapokwisha. Uandishi huu una sharti lake: urefu wa `n` lazima ugawanyike kwa 4, na mpangilio wa baiti uwe ule uliodhaniwa. Mifumo mingine ya picha huweka alfa mwanzoni badala ya mwishoni, na hapo baiti za kugeuzwa ni `i+1`, `i+2` na `i+3`. Ukisahau hilo, prosesa haitakosea hata utabiri mmoja na picha itatoka imeharibika.